Nisaidieni kusoma namba za tairi kwenye picha: kutoka 195/65R15, spidomita itakosea kwa kiasi gani?

Tulizo
Wakuu, naombeni msaada. Gari lilikuja na matairi 195/65R15 91H, na ndiyo saizi iliyo kwenye kibandiko cha upepo mlangoni. Sasa limefungwa mapya manne ya saizi nyingine. Picha ya ubavu hiyo hapo juu, mniwie radhi, flashi imemulika upande mmoja na tope limeziba baadhi ya namba. Mimi nasoma 205/65 R15 96H. Pembeni kuna kiduara kirefu chenye 3823, sijui kama nayo inaingia kwenye hesabu. Ninachotaka ni kipenyo cha tairi zima, na kujua kama spidomita itasoma zaidi au pungufu, na kwa kiasi gani.

Rimu15
Usihangaike mkuu. Rimu ni 15 ile ile na ubavu ni 65 ule ule. 205 ni upana tu, yaani tairi limenenepa, halijarefuka. Spidomita haiguswi.

Kipimo
Rimu15, kwenye 205 kuwa upana uko sawa. Unapoteleza ni kwenye 65. Hiyo si milimita, ni asilimia ya upana. Asilimia 65 ya 195 ni ubavu wa milimita 126.75, na asilimia 65 ya 205 ni 133.25. Kwa hiyo upana ukipanda na 65 ikibaki pale pale, ubavu unapanda nao, na ubavu unahesabiwa mara mbili, juu na chini ya rimu.

Tulizo, kabla ya hesabu turudi kwenye picha, maana nina shaka na usomaji wako. Tairi la 205/65R15 la kawaida huandikwa 94, na lile lililoimarishwa huandikwa 99. Hiyo 96 ni namba ya uzito unaobebwa na tairi, kilo 710, na kwa kawaida huiona kwenye 215/65R15. Kuza picha uangalie tarakimu ya katikati: upande wake wa kulia ndiko flashi ilikomulika, na ninachoona mimi ni mstari mmoja wima tu. Huo unaweza kuwa ubavu wa sifuri iliyomezwa na mwanga, au moja kamili.

Futa tope kwa kitambaa chenye maji, acha pakauke, kisha pitisha chaki bapa juu ya namba. Chaki inashika kwenye herufi zilizoinuka tu, zinatoka nyeupe juu ya mpira mweusi. Zima flashi, mulika tochi kutoka pembeni ili kila herufi itupe kivuli, na simu iitazame namba moja kwa moja, isiinamishwe. Soma na tairi la pili pia. Ile 3823 iache, ni wiki ya 38 ya mwaka 2023, ndipo tairi lilipotengenezwa.

Tulizo
Nimefanya hivyo kwenye matairi mawili, picha mpya hii hapa. Ni 215/65R15 96H. Sifuri haipo kabisa.

Kipimo
Sasa inasomeka vizuri. Hesabu ni hii, inchi moja ikiwa milimita 25.4:

```
kipenyo = 15 × 25.4 + 2 × (upana × 65 / 100)

195/65R15: 381 + 2 × 126.75 = 634.5 mm
205/65R15: 381 + 2 × 133.25 = 647.5 mm
215/65R15: 381 + 2 × 139.75 = 660.5 mm

660.5 / 634.5 = 1.041
```

Angalia tarakimu moja ilivyotaka kukupoteza. Kama ingekuwa 205, tofauti ni asilimia 2. Kwa 215 ni asilimia 4.1, mara mbili yake.

Kuhusu upande: spidomita inahesabu mizunguko ya gurudumu, haijui gurudumu ni kubwa kiasi gani. Tairi kubwa linakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, kwa hiyo mwendo halisi unazidi unaosomwa. Kama spidomita ilikuwa sahihi kabisa mwanzo, ikisoma 100 sasa unakwenda 104.

Mzigo_Mzito
Pikapu yangu imeandikwa 31x10.50R15, ilitoka na 235/75R15. Hiyo fomula naiingizaje? Nikiweka 31 kama upana napata kitu cha ajabu.

Kipimo
Kwako asilimia haipo. Hiyo 31 ni kipenyo chenyewe kwa inchi, na 10.50 ndiyo upana. Zidisha 31 kwa 25.4 upate 787.4. La zamani ni 381 + 2 × 176.25, yaani 733.5. Gawanya: asilimia 7.3, kubwa kuliko ya Tulizo. Ila kwa matairi ya namna hii ile 31 huwa imekadiriwa, la kweli mara nyingi hupungua kidogo, kwa hiyo tumia kipenyo cha kwenye jedwali la mtengenezaji.

Nyota_ya_Asubuhi
Mimi naona mnamtisha bure. Spidomita za kiwandani husoma zaidi ya mwendo halisi kwa makusudi. Hiyo asilimia 4 inamezwa humo humo, hana la kufanya.

Kipimo
Huenda, lakini huwezi kulijua hilo bila kupima. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39, inayofuatwa na nchi nyingi, inakataza spidomita kusoma chini ya mwendo halisi, na inairuhusu kuzidi kwa sehemu moja ya kumi ya mwendo halisi pamoja na kilomita 4 kwa saa. Gari moja huzidisha kidogo sana, jingine sana. Tulizo, jaza upepo sawasawa, tafuta barabara iliyonyooka na tambarare, shikilia 80 kwa spidomita bila kubadilisha mguu, na abiria asome GPS ya simu. Mpe muda namba itulie.

Tulizo
Nimerudi. Spidomita 80, GPS ilitulia kwenye 79. Nimerudia mara tatu, kwenda na kurudi.

Kipimo
Basi gawanya 79 kwa 1.041, unapata karibu 76. Maana yake, ukiwa na matairi ya zamani yakiwa mapya, spidomita hiyo ilisoma 80 gari likiwa kwenye 76. Sasa ile ziada imebaki kilomita 1, bado iko upande salama. Nyota_ya_Asubuhi, kwa gari hili umepatia. Kwa pikapu ya Mzigo_Mzito singethubutu kusema hivyo kabla ya kupima.

Jambo jingine, Tulizo: tairi limepanda milimita 13 kuelekea madigadi na limenenepa 10 kila upande. Kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto, gari likiwa na mzigo, uangalie alama za kusuguana kwenye plastiki za ndani. Soma pia upana wa rimu uliochapwa nyuma yake.

Rimu15
Nimeelewa asilimia, asante. Na odomita je? Nayo imepona kama spidomita?

Kipimo
Hapana, usiichukulie hivyo. Magari mengi huongeza ziada kwenye mshale tu, huku kilomita zikihesabiwa karibu na ukweli. Ikiwa ndivyo, odomita ya Tulizo ikisema 5,000 gari limekwenda kama 5,200, na mafuta yataonekana kuliwa zaidi kwa kila kilomita. Ila hilo ni la kupima kivyake: linganisha odomita na umbali wa GPS kwa angalau kilomita 20.

Tulizo
Kusuguana sijaona, ila nilikuwa peke yangu bila mzigo. Rimu imechapwa 15x6J. Odomita nitaipima nikipata safari ndefu, nitaweka namba hapa hapa.