Mke anapata kuliko mume na nyote mwajifanya ni sawa, tupeane uzoefu

BintiLangoni: Mimi ni nesi hapa Lamu, mume wangu ana mashua ya kutembeza watalii Shela na Manda. Kaskazi anapata vizuri, lakini kusi ikishika hoteli nyingi zafunga, na hapo mshahara wangu ndio nyumba. Hatujawahi kulizungumza. Mshahara ukiingia namtumia 20,000 kwa M-Pesa, yeye ndiye alipe kodi na dukani watu wamuone. Yeye hasemi ahsante, mimi sisemi nimetuma. Juzi mamake alimshukuru mbele yangu kwa dawa, akajibu "ni wajibu wangu mama". Nilinyamaza ila mpaka leo yaniuma. Wenzangu mwafanyaje?

KijanaWatamu: Wangu alipata kazi hotelini kwa Waitaliano hakumaliza mwaka akaenda zake. Mwanamke akishika pesa basi.

MamaTuktuk_Malindi: Pole kaka, lakini hapa hakuna aliyeachwa, dada auliza jengine.

MaalimMkomani: Matumizi ya nyumba ni juu ya mume. Mali ya mke ni yake, akitoa ni sadaka. Zaynab mke wa Ibn Mas'ud aliambiwa na Mtume (s.a.w.) akimpa mumewe ana ujira mara mbili. Kwa hivyo nyamaza tu dada, thawabu iko.

MamaTuktuk_Malindi: Maalim, kwenye hadithi hiyo hiyo Zaynab alimwambia mumewe kwanza amuulizie Mtume, mume akamwambia nenda kaulize mwenyewe. Wote wawili walilijua jambo lao. Hawa wanafichana na wanalala kitanda kimoja.

NahodhaKusi: Dada nikwambie upande wa mwanamume, maana nimepitia. Yeye akiona aibu kugusa hela yako kwa vitu vidogo, samaki, vocha, kahawa barazani, huvuta Fuliza. Sasa wewe ukituma 20,000, Fuliza yajikata kwanza kabla hajashika kitu, yabaki labda 16,000, kodi haitoshi na kukwambia hawezi kwa sababu hizo pesa hamjawahi kuzitaja. Mwezi ujao avuta tena. Ukisikia "mwenye nyumba amekubali kungoja" au kodi yalipwa nusu nusu usikimbilie kusema ni miraa au mwanamke.

BintiLangoni: Subhanallah. Mwezi wa tano aliniambia hivyo hivyo, mwenye nyumba amengoja.

MamaTuktuk_Malindi: Sisi tuliacha kutumiana. Mimi nalipa kodi na karo moja kwa moja, yeye chakula kwa alichopata siku hiyo, kikiwa ni unga tu twala unga. Kwetu imetulia, ila wakwe bado wauliza kwa nini risiti za shule zina jina langu na hapo yeye hukasirika siku nzima.

BintiLangoni: Hilo la risiti wangu hataliweza kabisa. Na la Fuliza nitamuulizaje asione nimemchungulia simu?

NahodhaKusi: Fuliza usiitaje. Muulize kodi imebaki ngapi, mkiwa wawili, watoto wamelala. Mimi nilipoulizwa hivyo nilisema yote, lakini si kila mtu.