Mada: Cheti cha ED, nikitafsiri vipi bila kupotosha?

Kutoka: Rehema

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Nilikuwa likizo nyumbani, mgongo ukanikamata nikashindwa hata kuinuka, safari ikaahirishwa. Nimesharudi, na mwajiri anataka cheti cha daktari kilichotafsiriwa. Nakinakili kama kilivyo:

```
C/O LBP. ? PID
ED 5/7 kuanzia 3/11, kisha L/D 2/52
TCA 22/11
```

Chini pana sahihi na muhuri wa zahanati. Binamu yangu anaijua lugha ya huku kuliko mimi, akanitafsiria. Kwa Kiswahili alichoandika ni hivi: "Mgonjwa ana maumivu ya kiuno na maambukizi ya via vya uzazi. Amepumzishwa kuanzia 3 Novemba hadi 5 Julai. Baada ya hapo anafaa kufanya kazi."

Daktari hakuniambia lolote kuhusu maambukizi. Na miezi minane ya mapumziko imetoka wapi? Naogopa kupeleka karatasi hii. Kazi yangu ni ya ghala, kubeba maboksi kutwa.

Kutoka: Baraka

Pole dada Rehema. Futa mstari wa kwanza wote. Ugonjwa wako ni siri yako, mwajiri anachohitaji ni siku ulizokosa kazini. Mwishoni andika "anafaa kufanya kazi", basi. Ukianza kueleza mambo ya kazi nyepesi watakutafutia sababu ya kukupunguzia zamu.

Kutoka: Mzee Salim

Rehema, marahaba. Usiipeleke tafsiri hiyo. Nimetafsiri karatasi za hospitali kwa miaka mingi, na kosa la binamu yako nimeliona mara nyingi.

Hiyo 5/7 si tarehe. Madaktari wetu wengi huandika muda kwa mkwaju: namba ya chini ikiwa 7 wanahesabu siku, ikiwa 52 ni wiki, ikiwa 12 ni miezi. Kwa hiyo 5/7 ni siku tano, na 2/52 ni wiki mbili. Hiyo 52 ndiyo inayokufungua macho, maana hakuna mwezi wa hamsini na mbili. Ukishaielewa, unarudi kwenye 5/7 na kuisoma kwa kanuni hiyohiyo.

Sasa hakikisha kwa kuhesabu. ED, yaani kupumzishwa kazi kwa ugonjwa, inaanza 3/11. Siku tano ni tarehe 3, 4, 5, 6 na 7. L/D, kazi nyepesi, inaanza tarehe 8, na siku kumi na nne zinaishia tarehe 21. Halafu TCA, yaani urudi kuonekana tena, ni 22/11, siku inayofuata. Hesabu imefunga kamili, na imetuambia pia kwamba daktari alihesabu siku zote, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Na kwa kuwa hakuna mwezi wa 22, tunajua alianza na siku kisha mwezi. Katika tafsiri andika mwezi kwa neno, "3 Novemba", maana ziko nchi ambako 3/11 ni tarehe 11 Machi.

Baraka, umesema kweli kuhusu siri, lakini njia uliyoichagua itamponza. Mfasiri hafuti. Kinachopelekwa ni tafsiri pamoja na nakala ya cheti chenyewe, na mtu akilinganisha akakuta mstari mzima haupo, cheti kizima kinatiliwa shaka. Rehema akitaka ugonjwa usitajwe, amwombe daktari aandike barua nyingine isiyoutaja. Kisha inatafsiriwa hiyo barua, yote.

Na "anafaa kufanya kazi" hakuna mahali daktari alipoandika. Ameandika kazi nyepesi. Akipewa boksi zito kesho mgongo ukakatika, tafsiri ndiyo itakayokuwa imesema uongo.

Kutoka: Mama Zawadi

Mwanangu Rehema, usihangaike na tafsiri, uhamiaji hawatakipokea hicho cheti. Mimi nilipoomba viza ya kukaa nilikuja na cheti kizuri cha hospitali ya rufaa, tafsiri ina mihuri mitatu, wakakikataa. Walitaka nipimwe na daktari waliyemteua wao, na majibu aliwapelekea mwenyewe.

Kutoka: Neema

Mama Zawadi, shikamoo. Hilo ni kweli kwa vipimo vya viza vya nchi nyingi, ila Rehema anapeleka kwa mwajiri.

Nilikuwa tabibu kabla ya kuja huku, niongeze la PID. Herufi hizo zina maana mbili. Moja ni maambukizi ya via vya uzazi vya mwanamke, ambayo binamu aliikuta kwenye kamusi. Nyingine ni diski ya uti wa mgongo iliyochomoza. Kwa mtu aliyekuja na LBP, maumivu ya mgongo wa chini, ningedhani ni diski. Lakini maambukizi hayo nayo huweza kuleta maumivu ya kiuno, kwa hiyo dhana yangu haitoshi kuandikwa. Mwulize aliyeandika. Asipopatikana, ziache herufi PID zilivyo, na kando yake katika mabano ya mraba mfasiri aseme kifupisho kina maana zaidi ya moja.

Na ile alama ya kuulizia mbele yake msiidharau. Maana yake daktari anashuku, hajathibitisha. Vilevile C/O ni "analalamika", ni maneno ya mgonjwa. Binamu ameandika "ana" kote kuwili, na shaka ya daktari imegeuka hukumu.

Kutoka: Baraka

Sawa, nimeelewa, nisamehe dada. Je, atafsiri mwenyewe? Ndiye anayejua kilichotokea.

Kutoka: Mzee Salim

Asitafsiri yeye wala binamu. Mtu asiye na maslahi ndiye anayeaminika. Kuna nchi zinazodai mfasiri aliyeapishwa. Kwingine inatosha mfasiri atamke kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, aweke jina, sahihi, tarehe na mawasiliano. Rehema amwulize mwajiri kwanza kabla ya kulipa.

Mimi ningeweka pia katika mabano: "[maelezo ya mfasiri: 3 hadi 7 Novemba]".

Kutoka: Neema

Hapo Mzee Salim tunatofautiana. Hesabu yako ni sahihi, lakini daktari hakuandika tarehe 7. Ningeandika "siku tano kuanzia 3 Novemba" nikaishia hapo. Mwajiri ahesabu mwenyewe.

Kutoka: Mzee Salim

Akihesabu vibaya anayekatwa mshahara ni Rehema. Mabano yanaonyesha wazi kuwa ni maneno yangu. Siyaondoi.

Kutoka: Rehema

Nawashukuru sana. Zahanati wamenijibu. PID ni diski, na bado ni ya kushukiwa kwa sababu sikupigwa picha. Daktari ameniandikia barua mpya bila kutaja ugonjwa: siku tano za mapumziko kuanzia 3 Novemba, kisha wiki mbili za kazi nyepesi. Mfasiri aliyeapishwa anaifanyia kazi.

Msimamizi wangu ameuliza kazi nyepesi ni kilo ngapi. Binamu anasema tuweke "zisizozidi kilo tano" ili yaishe. Nimekataa, nimemwandikia daktari tena. Hadi sasa hajajibu, na kesho asubuhi naingia zamu.

Kutoka: Neema

Umefanya vema. Kilo ni za daktari kutaja. Kama kuna daktari wa kazini hapo, mwone kabla ya zamu, anaweza kukupima na kuandika kiwango mwenyewe. Nenda na nakala ya cheti cha kwanza pia, yeye ndiye anayestahili kuiona ile alama ya kuulizia.