Mrejesho: Video ya harusi iliyopigwa straiki

Niliuliza: "Video ya harusi niliyopiga mwenyewe imeondolewa YouTube, nimekula straiki ya hakimiliki. Nikiifuta itaisha?"

Wakuu, kufuta hakuondoi straiki, asanteni kwa kunizuia. Aliyelalamika ni jamaa aliyechukua vipande vyangu akavipandisha kwake, kisha akadai ni vyake.

Nilituma notisi ya kupinga. Fomu inataka jina kamili la kisheria, anwani na simu. Unatamka, kwa adhabu ya kiapo cha uongo, kwamba video imeondolewa kwa makosa, na unakubali mamlaka ya mahakama. Hapo nilisita, maana taarifa hizo zote anapelekewa mlalamikaji. Kwenye maelezo niliandika mistari mitatu tu: nimepiga mwenyewe, tarehe, na faili asili ninazo kwenye memori kadi. Ngoma ilipigwa laivu, hakuna wimbo wa mtu. Wimbo wa mtu ungekuwemo, nisingethubutu kupinga.

Mlalamikaji alikuwa na siku 10 za kazi kuonyesha kwamba amefungua kesi. Wikiendi hazihesabiwi, kwa hiyo nilisubiri zaidi ya wiki mbili. Akakaa kimya. Juzi video imerudi na straiki imefutwa.