Zamu za meza ya Ngamiani

Da Mwanaidi: Aslam aleykum. Zamu mpya kesho. Saa 12 asubuhi mpaka saa 7 Rehema, saa 7 mpaka magharibi Hamisi, Jumapili Zuhura. Asiyekubali aseme humu asije kunisemea sokoni mbele ya wateja

Da Mwanaidi: Mmesoma watu tisa mmenyamaza

Salim: Kumi na mimi 😂

Hamisi: Zamu sikatai dada, nakataa kurithi hesabu za mtu. Jana nazi zilianza 60 nikakuta 22, zimetoka 38 kwa 800 ni 30,400. Kwenye kopo, chenji nimeitoa, mna 26,000. 4,400 iko wapi? Nazi mbovu harabu ya nzima

Zuhura: Kaka usianze, ya mzani tulinyamaza

Hamisi: Mzani umeingiaje hapa??

Salim: Mzani ulikua na njaa 😂😂

Mjomba Bakari: Nazi huku Pangani zipo nyingi, mnataka ngapi

Da Mwanaidi: Salim tulia. Nimemuuliza Rehema. Nazi 3 zilirudi, yule mama wa mgahawa alizipasua pale pale maji yananuka akabadilishiwa, hiyo 2,400. Elfu 2 kalipa kijana wa mkokoteni. Imetimia. Kosa hakuandika na zile mbovu akazitupa, sasa Hamisi angeonaje? Kuanzia kesho nazi mbovu inakaa kwenye ndoo mpaka anayepokea aione, anayeingia afike saa 6 na nusu mhesabu wote wawili, iandikwe kwenye daftari ndo mwingine aondoke. Chenji elfu 20 ikae kopo lake

Hamisi: Na wanaolipa kwa simu? Hela inaingia kwako, mimi nipo mezani naonyeshwa meseji na mteja ntajuaje ni ya leo

Zuhura: Hilo kweli. Afu Rehema alikua anafungua na kufunga, masaa 12 siku saba ni 84, sheria inasema 45 kwa wiki na siku zisizidi 6

Hamisi: Hiyo ya wenye mkataba

Zuhura: Hata wa mdomo ni mkataba kaka

Mwajuma: Naandika mimi, bibi anasema: Hamisi, Rehema anafungua meza ya babu yako wewe bado umelala. Leo mnampangia zamu na humu hayumo, na mwizi mshamwita. Mtoto wa watu asipoombwa radhi, hela ya meza hiyo mimi nisiletewe.

Hamisi: Nimesikia bibi. Kesho alfajiri ntaenda mwenyewe

Da Mwanaidi: Shikamoo mama. Rehema namuingiza humu leo leo, zamu ataisema na yeye. Zuhura Jumapili upo?

Zuhura: Jumapili nina arusi Chumbageni nlishasema

Da Mwanaidi: Ulimwambia nani? Salim?

Da Mwanaidi: Salim

Mjomba Bakari: Hizo nazi mnachukua au nimpe mtu mwingine