Kyubu za siku 7: jibu langu limetoka 0.066, nimekosea wapi?

Binti_Uyole: Wakuu, shikamooni. Jumatatu nina mtihani wa vifaa vya ujenzi, na swali moja la zamani limenikwamisha. Kyubu tatu za milimita 150 zilivunjwa siku ya 7 kwa 486, 495 na 504 kN. Zege ni C25/30. Tunatakiwa tupate nguvu ya siku 7, kisha tuseme kama litafaulu siku ya 28. Nimejumlisha mizigo nikapata 1485, nikagawanya kwa 22,500. Jibu 0.066. Najua si sahihi ila sioni kosa.

Mkandarasi_Mafinga: Mdogo wangu, hapo kuna makosa mawili. Umeacha kN bila kuigeuza iwe newton, na umejumlisha kyubu tatu ukagawanya kwa eneo la moja. Piga kila kyubu peke yake: 486,000 kwa 22,500 ni 21.6, ya pili 22.0, ya tatu 22.4. Wastani 22.0 N/mm². Siku ya 7 zege huwa limefika kama 0.67 ya nguvu ya siku ya 28, sasa gawanya kwa 0.67, unapata 32.8. Imezidi 25, imefaulu.

Fundi_Mwanjelwa: Mimi slabu yangu nilimwagilia siku tatu tu, imepasuka nywele nywele. Na mimi nikavunje kyubu?

Maabara_Iringa: Fundi, kyubu zinatengenezwa siku ya kumwaga zege, kwako muda umepita. Fungua uzi wako utupe picha ya hiyo mipasuko.

Mkandarasi, hesabu yako ya siku 7 ni safi, ila hiyo 25 ni ya silinda. Ukivunja kyubu unalinganisha na 30. Hapa 32.8 imepita zote mbili, ndiyo maana kosa halikuonekana. Ingekuwa 28, ungefaulisha zege lililofeli.

Halafu 0.67 ni ya kukadiria tu, na inategemea aina ya saruji na joto la maji. Kyubu zinatakiwa zikae kwenye maji ya nyuzi 20, zaidi au pungufu 2. Julai huku kwetu, tangi likilala nje, maji yanashuka chini ya hapo kabisa. Zege linakomaa polepole, siku ya 7 linakuwa bado halijafika hata hiyo 0.67. Ukigawanya, unapata namba ndogo kuliko uhalisia, na watu wanaishia kuongeza saruji bure. Nimeona batchi imelaumiwa hivyo, ilipofika siku ya 28 ikapita. Kipimajoto kiwe ndani ya tangi, na kyubu uzitoe zikiwa bado mbichi mbichi, maana iliyokauka inasoma juu.

Binti_Uyole: Asante sana kaka. Kwa hiyo kwenye karatasi niandike "litafaulu"?

Mkandarasi_Mafinga: Andika. Msahihishaji anatafuta 32.8.

Maabara_Iringa: Mimi ningeandika "linatarajiwa kuzidi 30, lithibitishwe siku ya 28". Swali halijataja joto la tangi.