Mrejesho: Nilivyowaambia watu natafuta kazi bila kulialia

Niliuliza: "Wakuu, mimi mhasibu, nimepunguzwa kazini. Nawaambiaje ninaofahamiana nao kwamba natafuta kazi bila kuonekana nina shida?"

Magrupu niliyaacha, huko ujumbe unafunikwa na michango ya harusi kabla haujasomwa. Niliandikia mtu mmoja mmoja, nikianza na waliowahi kufanya kazi nami. Bosi wangu wa zamani, ambaye sasa yuko kampuni ya mizigo Kurasini, nilimwandikia hivi:

"Shikamoo bosi. Kampuni imefunga kitengo chetu mwezi uliopita, nami nimo kwenye waliopunguzwa. Natafuta nafasi ya uhasibu, hasa upande wa kodi, kwenye kampuni za mizigo. Naomba dakika kumi unieleze huko wanatafuta mhasibu wa aina gani."

Habari ya kupunguzwa, sentensi moja basi. "Kazi yoyote" sikuandika, maana anayesoma hajui akutaje kwa nani. Wasifu sikuambatisha, aliuomba mwenyewe tulipoongea. Nikautuma na mistari mitatu ya kunitambulisha: cheti cha CPA, ritani za kodi nilizokuwa naandaa, ukaguzi wa TRA niliousimamia. Akaifowadi kama ilivyo kwa mkuu wa fedha wa kampuni nyingine, bila kutunga chochote. (Mtu mwenye shughuli zake hatakuandikia sifa, hata akupende vipi.)

Walionyamaza niliwakumbusha mara moja baada ya wiki, nikaishia hapo.

Huyo mkuu wa fedha ameniita kwenye usaili Jumanne, ofisi ziko Barabara ya Nyerere. Mshahara hatujaugusa bado.