Fundi kasahau breki, lori likaingia barabarani: nani alipe?

Mwanafunzi_Njiro
Wakuu, swali la sheria, la kuchagua jibu moja lililo bora kuliko mengine. Fundi wa Moshi kaletewa haisi ya Marangu atengeneze breki. Kasahau hata kuzigusa, karudisha gari, kachukua hela. Kesho yake haisi inashuka Himo kwa kilomita 60 kwa saa, lori linaingia ghafla kutoka barabara ya pembeni, mita 10 mbele yake. Mkaguzi anasema hata breki zingekuwa nzima ingegonga vilevile. Abiria kavunjika mguu, anamdai fundi.
A. Fundi analipa, alikuwa na wajibu na akaukiuka.
B. Halipi, hana mkataba na abiria.
C. Halipi, uzembe wake sio uliosababisha mguu kuvunjika.
D. Halipi, madhara yako mbali mno na kosa lake.
Mimi nimeweka D, mwenzangu A. Tumebishana tangu saa kumi.

Kondakta_Mstaafu
B, bila kupoteza muda. Abiria kalipa nauli kwa konda. Gereji haijui hata sura yake. Utamdaije mtu ambaye hujawahi kumpa hata mia?

MangiWaDuka
Mnamsumbua fundi wa watu bure. Aliyeingia vibaya ni lori, na lori lina bima. Abiria aende kwenye bima ya lori, akalipwe, arudi Marangu akapumzike.

Mwanafunzi_Njiro
Mangi, swali ni la fundi. Lori halimo kwenye majibu.

MangiWaDuka
Basi swali ni bovu.

Wakili_wa_Vumbi
Kondakta, hoja yako ya mkataba ilikuwa na nguvu enzi za babu zetu. Ilivunjwa na konokono. Mama mmoja wa Scotland alinunuliwa kinywaji cha tangawizi na rafiki yake, chupa nyeusi haionyeshi ndani, akanywa, kilichobaki kilipomiminwa kikatoka na konokono aliyeoza. Yeye hakununua, kwa hiyo hana mkataba na mtu. Bado mahakama ikasema mtengenezaji ana wajibu kwa yule ambaye kwa akili ya kawaida unajua kazi yako itamfikia. Fundi anayetengeneza breki za haisi anajua fika kwamba ndani ya haisi hakai mwenye gari peke yake. B imekufa.

Kondakta_Mstaafu
Hiyo kesi ya 1923 ndiyo unanitishia nayo?

Wakili_wa_Vumbi
1932, mzee wangu. Umegeuza tarakimu.

Chalii_wa_Unga_Limited
Aisee, 1923 au 1932, ni ya Waingereza. Sisi sheria yao ya maamuzi ya mahakama tuliipokea kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Ya baada ya hapo haitufungi. Hilo nalikumbuka vizuri.

Wakili_wa_Vumbi
Tarehe unayo sawa. Haitufungi, lakini inashawishi, na mahakama zetu zimekuwa zikiifuata hii miaka yote. Ukienda mbele ya jaji ukasema fundi wa breki hana wajibu kwa abiria kwa sababu ya 1920, atakutazama kwa huruma tu.

Chalii_wa_Unga_Limited
Sawa. Ila tuseme ukweli, mafundi wa Moshi nao! Gari likitengenezwa Moshi, ukifika Arusha unatengeneza tena. Swali limetungwa na mtu anayejua.

FundiPasua
Wewe chalii, nani kakuuma? Nina miaka 22 chini ya magari. Breki hazisahauliki hivyo hivyo. Silinda ya gurudumu ikivuja unaona unyevu ndani ya tairi, umeshuka kama jasho. Ukikanyaga pedeli inazama hadi sakafuni, ukipampu mara tatu inapanda. Hapo hata mtoto wa gereji anajua kuna upepo ndani. Fundi aliyemrudishia mtu gari bila kukanyaga pedeli hata mara moja si fundi, ni mwosha magari. Na wapo Arusha wengi.

Chalii_wa_Unga_Limited
Wapo, wamehamia kutoka Moshi.

Kondakta_Mstaafu
Hahaha. Fundi Pasua, dereva naye? Dereva wa haisi asiyejaribu breki kabla hajatoka stendi ndiye wa kwanza kulaumiwa. Sisi zamani dereva anaijaribu pale pale kwenye geti, abiria wanayumba, anasema samahani, tunaenda.

FundiPasua
Hapo umesema, mzee. Lakini huyu chalii aombe radhi kwanza.

(Hapa zilifuata jumbe kama thelathini kuhusu nani alianza kujua magari, Moshi au Arusha. Naziruka, mtanisamehe.)

Mwanafunzi_Njiro
Wakuu, nina mtihani Jumatatu. Kwa hiyo ni A? Fundi Pasua mwenyewe kasema kuna uzembe.

Wakili_wa_Vumbi
Mdogo wangu, A ndiyo mtego. Kila neno ndani yake ni kweli, ila neno "analipa" halitokani na yanayofuata. Wajibu upo, kaukiuka, lakini mahakama haitozi watu kwa kuwa wazembe tu. Inatoza uzembe ulioumiza mtu. Kwa hiyo jiulize: toa uzembe wa fundi, weka breki mpya kabisa, mguu wa abiria unapona?
Usimwamini mkaguzi, hesabu mwenyewe. Kilomita 60 kwa saa ni karibu mita 17 kila sekunde. Lori liko mita 10. Una kama sehemu sita za kumi za sekunde. Mtu wa kawaida anahitaji sekunde nzima au zaidi kuona, kushtuka na kuhamisha mguu. Haisi imeshagonga kabla mguu wa dereva haujafika kwenye pedeli. Breki mbovu ambayo haijakanyagwa na breki nzima ambayo haijakanyagwa hazina tofauti. Jibu ni C.

Mwanafunzi_Njiro
Na D? Si ndiyo hiyo hiyo, kwamba kosa na madhara haviko karibu?

Wakili_wa_Vumbi
Hapana, na hapo ndipo wengi wanaanguka. Swali la umbali linakuja baada ya kukubali kwamba uzembe ndio uliosababisha. Kwenye ile kesi ya bandari ya Sydney iliyoamuliwa 1961, meli ilimwaga mafuta majini, cheche za wachomeleaji zikawasha, gati likaungua. Kwamba mafuta yalichangia moto haikuwa ndiyo ubishi. Ubishi ulikuwa kama mtu wa akili angeweza kutegemea mafuta yale kuwaka juu ya maji. Majaji wakasema hapana, waliomwaga hawalipi.
Sasa rudi kwa fundi. Breki ikiachwa mbovu, mtu wa akili anategemea nini? Gari kugonga, abiria kuvunjika. Hakuna madhara ya karibu zaidi na breki kuliko hayo. Ukiandika D unasema fundi asingeweza kutarajia ajali, na hilo si kweli. C na D zote zinafika kwenye "halipi", ila ni moja tu yenye sababu iliyo sahihi.

Mama_Usa_River
Samahani, nasoma kimya tangu mwanzo. Hiyo ya kusema "hata angefanya vizuri ingetokea vilevile" imenichoma. Baba yangu alikaa kwenye benchi la hospitali usiku mzima, hakuna aliyemgusa, asubuhi akafariki. Tulivyolalamika tukaambiwa ugonjwa wake ulikuwa umefika mwisho, asingepona. Kwa hiyo sheria inawapa ruhusa ya kulala, mradi mgonjwa yuko mahututi?

Kondakta_Mstaafu
Pole sana mama.

FundiPasua
Pole mama. Hapo C imeniondoka moyoni.

Wakili_wa_Vumbi
Pole, mama. Sitakupa jibu tamu. Iko kesi ya Uingereza ya miaka ya 1960 inayofanana na yako kuliko ninavyopenda. Walinzi watatu wa usiku walikunywa chai, wakaanza kutapika. Wakaenda hospitali, nesi akampigia daktari, daktari hakuja, akasema warudi nyumbani wakawaone madaktari wao. Mmoja akafa siku hiyo hiyo. Chai ilikuwa na sumu ya aseniki. Mahakama ikasema wajibu ulikuwepo na ulikiukwa. Mjane akashindwa, kwa sababu ushahidi ulionyesha dawa isingepatikana na kumfikia kwa wakati.
Lakini angalia neno "ushahidi". Hawakuishia kumwambia mjane "asingepona". Sumu ilijulikana, saa zilihesabiwa. Daktari kukwambia kwenye korido kwamba baba alikuwa amefika mwisho si ushahidi, ni maneno. Ni kweli mzigo wa kuthibitisha ni wa anayedai, lakini faili la mgonjwa lina saa, vipimo na majina. Hilo ndilo la kutafuta mapema, kwa sababu madai ya namna hii yana miaka mitatu tu.

Mama_Usa_River
Imepita minne.

Chalii_wa_Unga_Limited
Pole mama yangu. Wakili, na kama baba alikuwa na nafasi kidogo? Tuseme robo ya kupona, wakaipoteza kwa kulala. Si walipe hiyo robo?

Wakili_wa_Vumbi
Swali zuri kuliko la mtihani. Mtoto mmoja Uingereza alianguka kutoka mtini akaumia nyonga, hospitali ikakosea, siku tano zikapita. Wataalamu wakasema hata angetibiwa mara moja, uwezekano wa kulemaa ulikuwa asilimia 75. Mahakama za chini zikampa robo ya fidia. Mwaka 1987 mahakama ya juu ikaifuta: asilimia 75 inazidi nusu, kwa hiyo kisheria kuanguka ndiko kulikomlemaza. Mimi sijawahi kuupenda uamuzi huo. Hapa kwetu ningethubutu kuubishia.

Kondakta_Mstaafu
Kwa hiyo ukipoteza asilimia 51 unalipwa yote, ukipoteza 49 hulipwi kitu? Hiyo si sheria, ni kamari ya stendi.

Wakili_wa_Vumbi
Wako wasomi wanaosema kama wewe, kwa maneno marefu zaidi.

FundiPasua
Turudi kwenye haisi. Mimi si msomi, ila lori likiwa mita 40 badala ya 10?

Wakili_wa_Vumbi
Hapo fundi ana kesi. Sekunde ya kushtuka inakula mita 17, zinabaki 23. Lami kavu, breki nzima, gari linasimama kwenye kama 20. Mguu ungepona, kwa hiyo C inaanguka na A inakuwa jibu.

FundiPasua
Hiyo ni tambarare. Himo ni mteremko na haisi imejaa. Ongeza mita. Na mita 30 je?

Wakili_wa_Vumbi
Mita 30 ingegonga, ila ikiwa imepunguza, labda na kilomita 35 hivi. Hapo sijui kama mguu ungevunjika au ungechubuka tu. Ungehitaji daktari wa mifupa na mkaguzi wakae meza moja, na hata wao wangebishana.

Mwanafunzi_Njiro
Nimebadilisha, naandika C. Mwenzangu bado anang'ang'ania A, anasema mwalimu anaipenda.

FundiPasua
Mwambie mwalimu alete gari lake Pasua nimkagulie breki. Na yule chalii bado hajaomba radhi.